Barua ya mwenye kioski aliyeacha kuuza sigara

*Shikamoo mwalimu. Nina kioski Mabibo, huu mwaka wa saba. Tangu tarehe mosi mwezi huu siuzi sigara, na nilikuwa natoa pakiti nane kwa siku, zote kwa mojamoja. Pakiti nilinunua kwa jumla 3,500, sigara moja nikiuza 200. Wateja wangu wa siku zote wananuna, wengine wanadhani nimefilisika, wengine wanasema nimeokoka. Niliacha kwa sababu mtoto wa jirani alikuja na sarafu akasema baba yake kamtuma fegi mbili, nikampa, kumbe kaenda kuziwasha nyuma ya choo na wenzake. Nimeandika tangazo: "Sigara hakuna. Sigara inaua. Serikali imekataza." Mke wangu anasema nitafukuza watu. Halafu daftarini bado kuna deni la sigara 46,000. Niandikeje barua ya heshima?*

Marahaba. Mkeo ameona mbali kuliko wewe, kwa hiyo usilibandike tangazo hilo. Nitalichambua sentensi moja baada ya nyingine, kwa sababu kila moja ina kasoro ya aina yake, na ukishazielewa kasoro hizo barua utaiandika bila shida.

Maneno "sigara hakuna", yakitoka kwenye dirisha la kioski, yana maana moja tu kwa mteja wa Dar es Salaam: zimeisha, rudi jioni. Ndivyo tunavyosema kuhusu mkate, maziwa na vocha. Mteja akiyasoma atarudi jioni, atarudi kesho asubuhi, na mara ya tatu ataanza kuamini yale wanayosema kwamba mtaji umekatika. Nadhani ndivyo unavyowajibu sasa kwa mdomo, na minong'ono ya kufilisika imeanzia hapo hapo. Andika "siuzi tena sigara", na uweke tarehe uliyoacha. Neno "tena" na ile tarehe vinamwambia mteja kwamba umeamua, na kwamba hakuna mzigo unaosubiriwa kutoka kwa muuzaji wa jumla.

"Serikali imekataza" si kweli, na uongo huu utakuumbua ndani ya saa moja, maana hatua hamsini kutoka kwako kuna kioski kingine ambacho pakiti zimepangwa mbele. Sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku tuliyonayo tangu mwaka 2003 haimzuii mtu mzima kununua sigara dukani. Inachokataza, pamoja na mambo mengine, ni kumuuzia mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Hapo ndipo kisa chako cha mtoto kinapopata uzito, na nitakirudia.

"Sigara inaua" ni kweli tupu. Shirika la Afya Duniani linasema tumbaku huua hadi nusu ya watumiaji wasioiacha. Lakini fikiria ni nani atakayesoma. Mzee aliyevuta miaka thelathini amelisikia neno hilo mara nyingi kuliko wewe, na onyo limeandikwa kwenye pakiti yenyewe. Akilisoma kwenye dirisha lako, wewe uliyemuuzia kwa miaka saba, atakuuliza swali ambalo huna jibu lake: ulikuwa hujui jana? Mtu aliyekuwa muuzaji mwezi uliopita hana nafasi ya kuhubiri mwezi huu. Nafasi aliyo nayo ni ya kusema lililompata yeye mwenyewe dukani kwake, na hilo hakuna mteja anayeweza kulibishia.

Kwa hiyo uti wa mgongo wa barua yako ni yule mtoto. Usimtaje jina, usimtaje baba yake, wala usiseme ni wa nyumba ipi, kwa sababu mtaani hata rangi ya shati inatosha kumtambulisha mtu. Sema tu kwamba watoto walikuwa wanakuja wakisema wametumwa, nawe ukashindwa kupambanua aliyetumwa na aliyejituma. Ugumu huo ni wa kweli na kila mwenye duka anaujua. Sisi tumelelewa katika desturi ya kumtuma mtoto: kalete chumvi, kalete mafuta ya taa, kamletee babu yako sigara. Mtoto anayekuja na sarafu mkononi akitaja jina la mzazi hatumkatalii, tunaona ni adabu. Sheria, kwa upande wake, inaangalia umri wa aliyepokea mkononi. Hata kama baba kweli ndiye aliyemtuma, uliyemuuzia ni mtoto.

Wenzako wengine hujaribu njia ya katikati, wakasema watauzia watu wazima peke yao. Mimi mwenyewe nilipokuwa na duka nilijaribu hivyo, na haikufika miezi miwili. Ukimkatalia mtoto, baba anakuja amekasirika kwamba umemrudisha mwanawe bure. Ukiwa umeenda sokoni na umemwacha dukani mdogo wako wa miaka kumi na mitano, mtoto anauziwa na mtoto mwenzake. Na kijana mwenye ndevu tatu anakuapia ana miaka ishirini. Inawezekana kwa duka kubwa lenye mhudumu wa kaunta anayeweza kudai kitambulisho. Kwa kioski chenye dirisha la futi mbili na foleni ya watu wanaotaka unga, ni vigumu mno. Sababu hii inastahili kuandikwa kwenye barua, kwa sababu inaeleza kwa nini umeacha kabisa badala ya kupunguza.

Lipo jambo la pili ambalo nadhani unalijua kwa macho ingawa hukuliandika, nalo ni uuzaji wa mojamoja. Bila shaka dirishani kwako kulikuwa na kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa kamba kwenye nondo. Mteja ananunua moja, anavuta kamba, anawasha, anasimama palepale akipiga soga mpaka kipisi kinaisha, na moshi unaingia ndani kwako. Wewe umekaa humo kuanzia alfajiri hadi usiku. Moshi wa sigara una maelfu ya kemikali, na zaidi ya sitini kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Hakuna kiwango cha moshi wa mtu mwingine ambacho wataalamu wa afya wanakihesabu kuwa salama, iwe kwako, iwe kwa mama mjamzito aliyesimama kwenye foleni, iwe kwa mtoto mwenye pumu aliyebebwa mgongoni. Sababu hii pia ni yako halali, maana ni mapafu yako, na unaweza kuitaja bila kumlaumu yeyote.

Anayenunua mojamoja hushika pakiti mara chache sana, kwa hiyo hata lile onyo halimfikii. Na kwa kuwa bei ni sarafu moja, mtoto wa shule anaimudu kwa hela ya maandazi. Ndiyo maana mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi wanachama katika kifungu chake cha 16 zijitahidi kukataza uuzaji wa sigara mojamoja. Kwa mvutaji mwenyewe, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na kiasi chake mwilini hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Sasa kumbuka mteja wako wa kijiwe cha bodaboda: saa moja asubuhi, saa tatu, saa tano. Ulidhani ni mazoea ya kupita kwako. Ratiba ile ilikuwa ni ya nikotini, na kioski chako kilikuwa saa yake ya ukutani.

Nakusihi, hata hivyo, usiandike kwamba umeacha kuuza ili wateja wako waache kuvuta. Hawataacha kwa sababu hiyo, watahamia kwa jirani. Unachoweza kumpa aliyekwisha kuamua kuacha ni kidogo ila si bure. Mtu aliyeacha huteseka zaidi katika siku mbili tatu za kwanza, akawa na hasira, usingizi wa mang'amung'amu na kichwa kutotulia, kisha hali hiyo hufifia kwa muda wa wiki tatu au nne. Ndani ya wiki hizo hamu humjia kwa mawimbi, na wimbi moja hudumu dakika chache tu. Mtu wa namna hiyo akija kununua sukari asiikute pakiti mbele ya macho yake, ameruka wimbi moja. Sentensi moja kwenye barua inamtosha, na asionyeshwe kidole.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu naona ndiko unakopata wasiwasi usiku. Pakiti ya sigara 20 uliyoinunua 3,500 ilikuletea 4,000, kwa hiyo faida yako ilikuwa 500 kwa pakiti, sawa na shilingi 25 kwa sigara moja. Pakiti nane ni 4,000 kwa siku, na kwa mwezi wa siku thelathini ni 120,000. Hiyo si fedha ndogo kwa kioski, na sitakudanganya kwamba itarudi wiki ijayo. Tena sigara ilikuwa inavuta wenzake: aliyekuja kwa fegi aliondoka na pipi ya mnanaa au soda, na huyo sasa anazinunua anakopata fegi.

Lakini angalia lile daftari. Deni la 46,000, kwa bei ya 200, ni sigara 230. Kila moja ambayo haitalipwa imekula shilingi 175 za mtaji wako, na ili uzirudishe kwa faida ya shilingi 25 ilibidi uuze nyingine saba. Saba mara 230 ni sigara 1,610, yaani pakiti themanini na nusu, au siku kumi za mauzo yako yote ya sigara kwa ajili ya kuziba tundu lile tu. Deni la sigara ni baya kuliko la unga kwa sababu linaingia kwa mia mbili mia mbili, mdaiwa haoni kama amekopa, na ukimdai anaona unamdhalilisha kwa kitu kidogo. Faida yako halisi, basi, ilikuwa chini ya ile 120,000, na mtaji wa 28,000 uliokuwa unazunguka kwenye sigara kila siku sasa uko huru. Uweke kwenye bidhaa ambayo wateja wako tayari wanaiulizia na unaikosa. Wewe unaijua kuliko mimi.

Haya yote ya fedha yabaki kwako na mkeo. Kwenye barua, hasara itajwe kwa sentensi moja ili watu wasidhani umepata mtaji wa siri, na deni litajwe kwa upole lakini waziwazi, kwa sababu wapo watakaodhani kwamba biashara ikifa na deni lake limekufa. Usitaje kiasi wala majina.

Hii hapa rasimu. Ibadilishe pale ambapo si sauti yako.

*Mabibo, Dar es Salaam*

*Ndugu wateja wangu,*

*Kwanza nawasalimu, wakubwa shikamooni, na wadogo zangu habari za shughuli. Wengi wenu mmenunua kwangu tangu nilipofungua duka hili miaka saba iliyopita, na ndiyo maana nimeona si adabu kubadilisha jambo dukani bila kuwaeleza.*

*Tangu tarehe mosi ya mwezi huu siuzi tena sigara. Hazijaisha, na wala mtaji haujakatika. Nimeamua mwenyewe kuziacha. Duka liko palepale na bidhaa nyingine zote zipo kama kawaida.*

*Sababu ya kwanza ni watoto. Watoto walikuwa wanakuja na fedha wakisema wametumwa na wakubwa, nami nikawapa. Baadaye nikaona kwa macho yangu kwamba si wote waliotumwa. Nilikosea, na kosa ni langu, si la mzazi yeyote. Sheria inanikataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na kwa dirisha dogo kama hili nimeshindwa kumjua aliyetumwa na asiyetumwa. Nimeona heri niache kabisa kuliko kuendelea kubahatisha.*

*Sababu ya pili ni moshi. Mimi na familia yangu tunakaa ndani ya kioski hiki kutwa nzima, na foleni yenu ina wajawazito na watoto wachanga. Kiberiti kilichokuwa kimefungwa dirishani nimekiondoa. Viberiti vya jikoni bado nauza.*

*Anayevuta simhukumu wala simfukuzi. Ni mteja wangu na ataendelea kuwa mteja wangu. Namwomba tu asivutie hapa dirishani. Na kama yupo ambaye anajaribu kuacha, aje anunue mahitaji yake kwangu bila wasiwasi, hatazikuta mbele ya macho yake.*

*Najua uamuzi huu unawaongezea baadhi yenu hatua za kutembea, na mimi pia umenipunguzia kipato. Nawaomba mnivumilie. Wale tulioandikiana kwenye daftari, hesabu zetu za nyuma ziko palepale. Tuzungumze wawili, na anayetaka kulipa kidogokidogo nitampokea.*

*Wenu,*
*Mwenye duka*

Utaona kwamba sikuweka neno "sumu", "saratani" wala "kifo", na sikuandika popote kwamba wateja wafuate mfano wako. Nimeweka pia neno "nilikosea". Wengine watakushauri ulitoe, wakisema linakushusha. Mimi nalitetea, kwa sababu baba wa yule mtoto ataisoma barua hii, na bila neno hilo ataisoma kama shutuma dhidi ya malezi yake. Kama hujaonana naye bado, nenda kwake kabla hujabandika, jioni akiwa ametulia, umweleze uliyoyaona na umwombe radhi kwa kumuuzia mwanawe. Asije akayapata dirishani pamoja na wapita njia.

Kabla ya kubandika, safisha dirisha lenyewe. Kama una kasha la kupangia pakiti, kibao chenye rangi za sigara au stika yoyote uliyoletewa na wasambazaji, viondoe vyote siku hiyohiyo. Barua inayosema "siuzi tena" ikiwa chini ya kasha tupu la sigara haimshawishi mtu, na kwa yule anayepambana na mawimbi yake, rangi za pakiti peke yake zinatosha kumwamsha hamu. Angalia na rafu ya chini: kama ulikuwa na ugoro, hiyo nayo ni tumbaku, na bibi mmoja mkali atakuuliza mbele ya watu kwa nini fegi zimeondoka na ugoro umebaki. Amua kabla hajafika.

Iandike kwa mkono au uichapishe kwa herufi kubwa, karatasi moja, uiweke usawa wa macho upande ambao mteja husimama akisubiri chenji, kwa sababu hapo ndipo ana muda wa kusoma. Wazee wasioona vizuri wasomee mwenyewe. Ikae mwezi mmoja hivi kisha uiondoe. Ikizidi hapo itageuka pambo, na wageni wataanza kukuuliza mambo ambayo wenyeji walikwisha kuyameza.

Litabaki gumu moja. Saa nne za usiku atakuja rafiki yako wa siku nyingi, majirani wote wamefunga, atainama dirishani na kukunong'oneza kwamba anajua huwezi kukosa pakiti moja ya akiba huko ndani. Kama unayo, atajua kwa namna unavyosita, na kesho kijiwe kizima kitakuwa na habari kwamba unauza usiku. Kwa hiyo zile zilizobaki siku ulipoacha, kama hujazimaliza, mrudishie muuzaji wa jumla akubadilishie na bidhaa nyingine, hata kwa kupoteza kidogo, ili siku hiyo umjibu "sina" na iwe kweli.